Shoki ya sepsisi katika saa za mwanzo: maji, dawa ya kupandisha presha na kuutoa usaha mapema

Mgonjwa analetwa presha iko chini, anafunguliwa dripu, presha inapanda kidogo na kila mtu anashusha pumzi. Baada ya nusu saa imeshuka tena, anaongezwa chupa nyingine, halafu nyingine. Kufikia saa ya nne miguu imeanza kuvimba, mapafu yanakoroma, na chanzo cha maambukizi bado kiko palepale. Mwongozo huu ni kwa daktari, ofisa tabibu au nesi anayempokea mgonjwa wa namna hiyo. Unahusu watu wazima tu. Kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba kuwamiminia maji kwa kasi kuliongeza vifo, kwa hiyo usichukue vipimo vya hapa ukavipunguza kwa kilo zao.

Tutafuata kisa kimoja kilichotungwa kwa ajili ya kufundishia. Mama wa miaka 58, uzito kilo 60, ana presha ya kupanda ya siku nyingi. Kwa siku mbili ameumwa ubavu wa kulia, akatetemeka kwa baridi, na leo anaongea maneno yasiyoeleweka. Presha 82/38, mapigo ya moyo 124, anapumua mara 28 kwa dakika, joto 39.1, oksijeni 95%. Lakteti ni 5.2.

Soma presha zote mbili kabla ya kufungua chupa

Wengi huangalia namba ya juu peke yake. Ya chini ina habari kubwa zaidi hapa. Presha ya wastani, ile ambayo monita huiandika MAP, hupatikana kwa kujumlisha ya juu na mara mbili ya chini, kisha kugawa kwa tatu. Kwa mama huyu ni 82 + 76, gawa kwa 3, karibu 53. Lengo la kuanzia ni 65.

Sasa tazama nafasi kati ya namba mbili. 82 toa 38 ni 44. Nafasi ikiwa finyu, chini ya 40, fikiria kwamba moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, ama kwa sababu maji ni machache mwilini au kwa sababu moyo wenyewe ni dhaifu. Nafasi ikiwa ya kutosha huku presha ya chini ikiwa chini ya 50, tatizo kubwa ni mishipa iliyolegea. Mama huyu ni wa kundi la pili. Maji atahitaji, kwa sababu ametapika na ametoka jasho, lakini tangu dakika ya kwanza ujue kwamba maji peke yake hayataibana mishipa yake. Mwambie nesi atayarishe noradrenalini wakati chupa ya kwanza bado inaingia.

Halafu shika kidole. Bonyeza nyama ya ncha ya kidole cha shahada kwa sekunde 10, kwa nguvu ya kutosha mpaka iwe nyeupe, achia, kisha hesabu sekunde hadi rangi irudi. Kipande cha kioo cha maabara, kile cha kuwekea sampuli chini ya darubini, kinasaidia kwa sababu unaona ndani yake. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Mama huyu ni sekunde 6. Fanya kipimo hiki kwenye mwanga mzuri, kidole kikiwa usawa wa moyo, na chumba kisiwe cha baridi. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka ya magotini ambayo vitabu huyasifu huonekana kwa shida sana, kwa hiyo usiyategemee. Weka mgongo wa mkono wako juu ya goti na ulinganishe joto lake na la paja. Goti la baridi kwenye mwili wenye homa linakueleza mengi.

Dakika 60 za kwanza: maji kwa vipande, antibiotiki kwa dozi kamili

Weka kanyula mbili nene. Chukua damu ya kuotesha vimelea, seti mbili kama zipo, kisha toa antibiotiki ndani ya saa hiyo hiyo ya kwanza. Kama damu ya kuotesha inagoma kutoka, usiizuie dawa kwa ajili yake. Mama yetu alipewa meropenemu gramu 1 dakika ya 25, kwa sababu wiki chache kabla alikuwa amemaliza dawa nyingine ya mkojo na kulikuwa na hofu ya vimelea sugu. Figo zake zilionekana kuchoka kwenye vipimo. Hiyo si sababu ya kupunguza dozi ya kwanza. Dozi ya kwanza hutolewa kamili, na marekebisho kwa ajili ya figo huanza baadaye.

Kwa maji, kiasi kinachopendekezwa kuanzia ni mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu. Kwa kilo 60 ni mililita 1,800. Ringa lakteti inafaa kuliko maji ya chumvi ya kawaida, ambayo yakiwa mengi huongeza asidi mwilini. Lakini usimfungulie lita mbili uende zako. Toa mililita 500 kwa dakika 15 hadi 20, rudi kitandani, hesabu pumzi, sikiliza mapafu chini mgongoni, bonyeza kidole, andika. Ndipo uamue kuhusu chupa inayofuata. Idadi ya pumzi ikipanda, oksijeni ikishuka au mlio wa mapovu ukianza mapafuni, simama hata kama hujafika 1,800.

Hili nalisisitiza kwa sababu limewagharimu wagonjwa maisha. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kutoka Zambia wa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi ya mapema, pamoja na dopamini na damu pale ilipohitajika, walikufa kwa 48%. Waliopata huduma ya kawaida walikufa kwa 33%. Mahali ambapo hakuna mashine ya kupumulia, mapafu yaliyojaa maji hayana pa kukimbilia. Namba 30 ni mahali pa kuanzia kufikiria, na mgonjwa mwembamba, mwenye upungufu wa damu au anayepumua kwa shida huenda asiivumilie.

Baada ya mililita 1,000 presha ya mama ilikuwa 88/40, wastani 56, kidole bado sekunde 6. Lita moja ilikuwa imepandisha presha ya chini kwa pointi mbili tu. Hapo, dakika ya 40, noradrenalini ilianzishwa, na chupa ya tatu ikaendelea kuingia taratibu pembeni.

Noradrenalini kwenye mkono, kwa uangalifu

Kusubiri mrija wa shingoni ndiko kunakochelewesha dawa hii kuliko kitu kingine chochote. Inaweza kuanzia kwenye mshipa wa mkono kwa saa chache, mradi kanyula iko kwenye kiwiko au juu yake, ni nene, inarudisha damu vizuri, na mkanda wa kupimia presha uko mkono wa pili. Kanyula ya kiganjani au kwenye kifundo cha mkono usiitumie.

Kwanza soma chupa ya dawa. Kampuni nyingine huandika uzito wa chumvi ya tatreti, nyingine huandika noradrenalini yenyewe, na miligramu 2 za chumvi ni sawa na miligramu 1 ya noradrenalini. Usipoliangalia hilo, unaweza kutoa nusu ya dozi ukadhani ni kamili. Chukua miligramu 4 za noradrenalini yenyewe, weka kwenye mililita 250 za dekstrosi 5%. Kila mililita sasa ina mikrogramu 16. Hesabu ya kasi ni hii:

```
mL/saa = dozi (mcg/kg/dakika) x kilo x 60 / 16
0.05 x 60 x 60 / 16 = 11 mL/saa
0.10 x 60 x 60 / 16 = 22.5 mL/saa
```

Anza na 0.05, yaani mililita 11 kwa saa, na upandishe kila dakika 5 hadi wastani wa presha ufike 65. Kama hakuna pampu, tumia seti ya matone madogo ya 60 kwa mililita, ambapo idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa. Matone 11 kwa dakika ndiyo mililita 11 kwa saa. Njia hii inafanya kazi, ila inamtaka mtu akae pale. Mgonjwa akikunja mkono matone husimama, na dawa hii huisha nguvu ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo hiyo chupa inayofuata iwe tayari imechanganywa kabla ya inayotumika kuisha. Usisukume maji kwa kasi kupitia kanyula yenye noradrenalini, maana utakuwa umemsukumia dawa yote iliyo ndani ya mrija kwa mkupuo.

Kagua ngozi kuzunguka kanyula kila nusu saa. Ikiwa nyeupe, ya baridi, ngumu au inauma, hamisha dawa kwenye kanyula nyingine mara moja, na ile ya kwanza usiichomoe kabla hujavuta kilichobaki ndani yake. Kisha choma fentolamini miligramu 5 hadi 10, zilizochanganywa kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, chini ya ngozi eneo lote lililoathirika.

Saa moja tangu alipofika, mama alikuwa kwenye 0.12, yaani mililita 27 kwa saa. Presha 98/50, wastani 66. Kidole sekunde 5. Lengo la presha limefikiwa, mgonjwa bado yuko kwenye shoki. Hapa ndipo timu nyingi hulegea, kwa sababu monita imeacha kupiga kelele.

Tafuta chanzo wakati dripu inaingia

Kazi hii haisubiri presha itulie. Wakati mtu mmoja anachanganya dawa, mwingine awe anamkagua mgonjwa kuanzia kichwani hadi katikati ya vidole vya miguu: kifua, tumbo, mgongo, sehemu za siri, makalio, jeraha la upasuaji, kanyula za zamani. Kwa kila sehemu jiulize swali moja: je, kuna usaha uliofungiwa, kitu kilichoziba, kilichotoboka, kilichokufa, au kifaa kilichowekwa mwilini kinachoweza kutolewa? Nimonia haina cha kutoboa, isipokuwa usaha ukikusanyika pembeni ya pafu. Nyongo iliyoziba, utumbo uliotoboka, kizazi chenye mabaki na misuli inayooza vinahitaji mkono wa mtu, na dawa ya mshipani haitachukua nafasi yake.

Ultrasaundi ya kitandani, dakika ya 30, ilionyesha figo ya kulia imevimba na ndani yake kuna maji yenye chembechembe. Figo iliyoziba ni mtego wa pekee. Haichuji vizuri, kwa hiyo antibiotiki inayopita kwenye mkojo haifiki penye vimelea. Isitoshe, mkojo unaotoka kwenye kibofu unaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu unatoka figo ya upande mwingine. Kijiti cha mkojo kilipoonyesha chembe nyeupe chache tu, mtu angeweza kudhani chanzo kiko kwingine. Ubavu unaouma, homa na figo iliyovimba vilitosha. Siti skani bila dawa ya kung'arisha inaonyesha jiwe vizuri, na kama iko karibu, na mgonjwa anaweza kulala chali, ifanyike haraka. Kama haipo, usiifanye sababu ya kuchelewa.

Simu kwa daktari wa mfumo wa mkojo ilipigwa dakika ya 35. Ombi lilikuwa fupi: figo imeziba na ina usaha, mgonjwa yuko kwenye noradrenalini, tunahitaji mrija wa kuikausha sasa. Jiwe haliguswi usiku huo. Kinachotakiwa ni njia ndogo kabisa ya kutoa usaha, ama sindano na mrija kupitia ubavuni kwa ganzi ya ngozi, ama mrija wa ndani unaopitishwa kutoka kwenye kibofu. Zote mbili zinakausha figo, na chaguo hutegemea aliyepo na anachokiweza. Wakati wa kupitisha mrija, dawa ya kung'arisha isisukumwe kwa nguvu ndani ya figo, maana itapeleka vimelea kwenye damu.

Jibu utakalolisikia mara nyingi ni kwamba mgonjwa atulizwe kwanza. Jibu kwa heshima, lakini usilegeze. Hatatulia mpaka usaha utoke. Lengo liwe ndani ya saa 6, na isizidi 12. Kama hospitali yako haina mtu wa kuifanya, mhamishe akiwa na noradrenalini inayoingia, kanyula ya pili inayofanya kazi, chupa ya akiba iliyokwisha changanywa, na barua inayosema saa ya antibiotiki na kiasi cha maji aliyopewa.

Saa ya pili hadi ya nne: maji yanaposimama

Saa ya pili mama alikuwa amepata mililita 1,800. Noradrenalini 0.20, wastani wa presha 67, lakteti 4.6, kidole sekunde 5, anapumua mara 30 na mapovu yameanza kusikika chini ya mapafu. Je, aongezwe maji? Kuna jaribio lisilotumia hata tone moja. Mgonjwa akiwa amekaa nusu wima, laza kiwiliwili chake na uinue miguu yake kwa pamoja, nyuzi 45, kwa kutumia kitanda badala ya mikono. Angalia ndani ya dakika moja. Nafasi kati ya presha ya juu na ya chini ikipanuka waziwazi, moyo bado unaweza kutumia maji. Kipimo hiki ni chema zaidi ukiwa na ultrasaundi ya kupima damu inayotoka kwenye moyo, maana presha peke yake hukosea mara nyingine. Kwa mama nafasi haikubadilika. Pamoja na mapafu yale, maji ya haraka yalisimama.

Kwa mtu mwenye presha ya kupanda ya muda mrefu, wastani wa 65 unaweza kuwa mdogo kwa figo zake. Inaruhusiwa kujaribu 75 hadi 80 kwa saa moja na kuangalia kidole na mkojo. Visipobadilika, rudi 65, kwa sababu dozi ya juu ina gharama yake: vidole hufa, moyo huenda mbio bila mpangilio. Hapa jaribio hilo liliachwa, kwa kuwa dozi ilikuwa tayari inapanda yenyewe kila nusu saa.

Saa ya tatu ilifika 0.28. Kati ya 0.25 na 0.5 ndipo dawa ya pili huongezwa, na vasopresini ndiyo chaguo: yuniti 20 kwenye mililita 100, kasi mililita 9 kwa saa, ambayo ni yuniti 0.03 kwa dakika. Hii haipandishwi wala kushushwa, inakaa hapo hapo. Kama haipo, adrenalini hufanya kazi, kuanzia 0.05. Kumbuka tu kwamba adrenalini yenyewe hupandisha lakteti, hivyo baada ya kuianza lakteti inayopanda si ushahidi kwamba mgonjwa anazidiwa. Kitegemee kidole. Haidrokotisoni miligramu 50 kila saa 6 huongezwa ikiwa noradrenalini imekaa 0.25 au zaidi kwa angalau saa 4.

Saa tatu na nusu mrija uliingia figoni. Ulitoka usaha mzito mililita 60, na sampuli ikaenda maabara moja kwa moja kutoka figoni, kwa sababu hiyo ndiyo yenye majibu ya kuaminika.

Kushuka baada ya kutoboa, na jinsi ya kusoma mwitikio

Nusu saa baadaye presha ilishuka na noradrenalini ikafika 0.35. Waambie mapema ndugu na wenzako zamu hiyo: kugusa figo yenye usaha humwaga vimelea kwenye damu, na saa moja au mbili za kwanza mgonjwa anaweza kuonekana amezidiwa. Uwe na dawa mkononi kabla ya sindano. Ila hakikisha pia mrija unatoa, haujakunjika, na mfuko wake haujai damu mbichi.

Baada ya hapo, andika vitu vinne kwa saa zile zile: dozi ya noradrenalini, sekunde za kidole, lakteti, na akili ya mgonjwa. Kidole hubadilika kwanza, kwa hiyo kipime kila nusu saa. Lakteti hupimwa kila baada ya saa 2, na kushuka kwa 10% hadi 20% kati ya vipimo ni dalili njema. Mkojo huchelewa, hasa kwa figo zilizoumia, na mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60 ni lengo la baadaye. Ukiukimbiza mkojo kwa chupa za maji usiku huo, utajaza mapafu.

Saa ya tano dozi ilikuwa 0.22, saa ya sita kidole sekunde 3, lakteti 3.1, na mama aliuliza yuko wapi. Saa ya nane noradrenalini 0.12, lakteti 2.3. Haidrokotisoni haikuhitajika, kwa kuwa hakukaa juu ya 0.25 saa nne kamili. Kushusha kulifanywa kwa 0.02 kila dakika 15 hadi 30, wastani ukibaki 65 na kidole kikiwa kile kile. Kidole kikirefuka huku presha ikiwa nzuri, simama kushusha.

Kama saa mbili au tatu baada ya usaha kutoka dozi bado inapanda, anza na vitu vya mkononi: kanyula imetoka kwenye mshipa? Chupa ilichanganywa sawa? Kisha rudi kwenye chanzo. Mrija umeziba, kuna mfuko wa pili wa usaha nje ya figo, au figo ya pili nayo imeziba. Piga ultrasaundi tena. Tazama moyo hapo hapo, kwa sababu sepsisi hudhoofisha misuli yake, na moyo usiobana hautaki noradrenalini zaidi peke yake, unahitaji kusaidiwa kwa dobutamini au adrenalini. Antibiotiki ibadilishwe ukiwa na sababu: jibu la maabara, au historia ya vimelea sugu uliyoikosa mwanzoni. Na kama hakuna hata kimoja kinacholingana, uliza upya iwapo hii ni sepsisi kweli. Damu iliyoganda kwenye mapafu, shambulio la moyo na kutokwa damu tumboni huja na presha ya chini na lakteti ya juu vilevile, na vyote vitatu hutibiwa kwa njia nyingine.